Mama Anaingia Kwenye Orodha ya Mishahara

Mama, unga nimeukanda, uko karibu na jiko. Mdogo wangu Ramzy asiguse mandazi ya wateja wa mtaa wa Kianda. ~~Akiyala, alipe.~~ Akiyala, sawa tu, nimeshaweka tumbo lake kwenye gharama.

Sikukuamsha. Usiku mpango wa biashara wa kuombea mkopo ulionyesha faida nono, nikacheka peke yangu, hadi nilipofika “wafanyakazi”: nilikuwa nimejiandika mimi tu. Wewe unayekaanga kila alfajiri hukuwepo! Nilipokuwekea mshahara, faida iliyobaki haikutosha kulipa mkopo kila mwezi. Basi nimepunguza mkopo. Naomba pesa za jiko kubwa pekee, friji ingoje. Mkopeshaji wa Kawangware akikataa, atakuwa amekataa hesabu ya kweli.

Na usiniambie “mimi ni mama tu.” Utalipwa.

Hanan, bintiyo na bosi wako