Simu Ni Yangu, Siri Si Yangu

Nkoma, Mbale
8 Machi 1999

Babu Sebit,

Asalaam aleikum. Mgongo inasemaje? Huko Masese samaki wanapatikana? Sisi mwili ni mzima, moyo ndiyo hapana.

Ile simu ya mkononi kaka alinitumia, ya wamama wajawazito kuniita nikawazalishe, bwana yangu Latif akirudi kutoka kazi yake ya gerezani anaichukua. Anafungua nambari za walionipigia, anazipiga moja moja: "Wewe ni nani kwa mke wangu?"

Babu, humo iko nambari ya duka moja Tororo. Rafiki yangu Racheal amejificha hapo kwa shangazi yake. Bwana yake, Arnold, alimvunja mkono, na huyo Arnold ni askari jela, analinda geti moja na Latif. Latif akiipiga tu, atamwambia Arnold. Nikisema acha simu yangu, ataona naficha mwanaume. Nifanye nini?

Mjukuu wako,
Ramlah


Masese, Jinja
15 Machi 1999

Mke wangu mdogo (huyo Latif nilimwazima tu),

Aleikum salaam. Mgongo ni chuma. Juzi nimevuta mputa, sangara mzito kuliko mbunge. Bibi yako anasema alikuwa mdogo kama kiatu. Usimsikie, macho yake yamezeeka.

Umeuliza mwenyewe. Mimi jeshini nilibeba redio, maafande wote wakilia "Sebit! Sebit!" Wallahi, hata mamba wa Nile walijua sauti yangu. Dawa ni moja: ficha. Tumbukiza simu kwa gunia ya karanga. Mwanaume jikoni anatafuta chakula tu.

Bwana yako wa kwanza,
Babu


Nkoma, Mbale
27 Machi 1999

Babu,

Salaam. Natumaini mnapumua vizuri. Mimi napumua nusu.

Gunia imelia. Tulikuwa tunakula. Latif akasema polepole, "Ramlah, karanga zinaita." Ungeona macho yake, Babu, usingecheka. Alimwaga gunia yote chini. Aliyepiga alikuwa mama mmoja wa mtaa wa Namatala, uchungu umemshika. Latif akamfokea, akakata. Kisha akaniuliza, "Mtu hana kitu cha kuficha, anazika simu?" Nikaanza kuokota karanga.

Nambari ya Tororo bado hajaifikia. Nikiifuta, ataniuliza kwa nini nafuta. Na Arnold anakuja hapa kunywa chai, anacheka, anauliza, "Shemeji, Racheal hajakupigia?" Kikombe kinanigonga meno.

Ramlah, mjukuu wako


Masese, Jinja
30 Machi 1999

Mke wangu,

Salaam nyingi. Hii barua nampa Bogere wa teksi aikimbize. Gunia ndiyo mjinga, siyo mimi. Lakini sikia, mzaha naweka chini, nitaokota baadaye.

Usizike, usifute, usinyang'anye. Ukinyang'anya, ameshajijibu mwenyewe. Ngoja siku ameshiba, hana hasira, na Arnold hayupo. Simu iweke mezani katikati, mkono wako mbali. Anza na hofu yake: "Sina mwanaume mwingine. Ukiwa na shaka na mimi, niulize mimi, nitajibu." Halafu omba kitu kidogo, cha kuonekana: asiifungue, asipigie watu wako, ikilia akuite. Na wewe vitu vyake ufanye hivyo hivyo. Mwambie wamama wamekuamini. Yeye mambo ya wafungwa anakuletea nyumbani?

Akiuliza siri ya nani, usidanganye, usitaje. Sema, "Siyo yangu ya kutoa." Mimi redioni afande alinitolea bastola nimpe ujumbe wa afande mwenzake, nikamwambia bwana, hata ukipiga, ujumbe wa mwenzako utakufa na mimi. Akanipa sigara.

Lakini Latif akiinua mkono, acha simu, acha sufuria, panda kwa Bogere uje. Hapo hakuna maneno tena.

Babu yako anayekesha


Nkoma, Mbale
11 Aprili 1999

Babu,

Asalaam aleikum. Mwambie bibi nimekula leo.

Nilisema Ijumaa, ametoka msikitini. Kwa mambo ya gunia nikamwomba msamaha: "Niliogopa, nikafanya kijinga." Akauliza, "Kwa hiyo iko kitu." Nikasema, "Iko. Ni ya mtu mwingine. Yangu yote niulize." Akauliza kweli, Babu, mambo mengi, mengine ya aibu. Nikajibu yote.

Akasema, "Mtu mwenyewe namjua?" Nikasema, "Hiyo siyo yangu ya kutoa." Nilikuwa nahesabu hatua mpaka mlangoni.

Simu ikalia. Nambari ya Tororo, wazi, kati yetu. Mkono wake ukaenda. Mimi wangu sikuusogeza, niliukalia. Ikalia, ikalia. Akaisukuma upande wangu na kidole kimoja, kama kitu cha moto.

"Yako inaita," akasema. Akatoka uani, akafungua bomba, maji yamwagike kwa kelele.

Nikaishika. Racheal akanong'ona, "Nani hapo?"

Nikasema, "Ni mimi. Ni mimi peke yangu."

Mjukuu wako,
Ramlah