Wameuliza Mbona Wewe Umebaki

Kambi ya Kahawa,
Daa, Karatu.
12 Februari 2023

Mpendwa Dada Antonia,

Shikamoo. Kifua chako kinaendeleaje? Na mwanao Lightness, bado unamkaripia kama ulivyonikaripia mimi? Sisi tunapumua. Eva wangu ameota meno na sasa ananing'ata. Simu yako haipatikani, kwa hiyo barua hii nimempa Rafaeli, jirani yetu hapa kambini, anayekuja huko kwenye msiba.

Dada, moyo wangu hautulii. Mvua ziligoma, maua ya kahawa yakapukutika, na shamba limepunguza vibarua. Mwisho wa mwezi tunatakiwa tuwe tumetoka kambini. Kijiji kimetenga viwanja kwa waliofukuzwa makwao na ukame, tukaitwa kujieleza mbele ya kamati.

Mume wangu Aloyce, na majivuno yake, akawahi kujibu kwamba alifuata kazi, kwa kuwa kaka yake Lazaro alikuwa huku tangu zamani. Nilitamani kumfinya. Nikaeleza mtama ulivyokauka ukiwa kwenye maua, misimu miwili mfululizo, na ng'ombe walivyokonda mpaka bei ikaporomoka.

Mzee Qamara wa kamati alinisikiliza vizuri, kisha akauliza, "Huko una ndugu?" Nikasema nina dada, mashamba yetu yamepakana. Akasema, "Sasa mama Eva, jua si ni lile lile? Mbona yeye amebaki?"

Jibu lilinijia njiani nikirudi, nikalia kwa hasira. Sisi tuliondoka kwa sababu tulikuwa na dume moja la kuuza tupate nauli, na shemeji wa kutupokea. Mbuzi wako walikufa wote. Ukame umekuumiza wewe kuliko mimi, ndiyo maana hukuweza kuukimbia.

Lakini sitajidanganya. Hata miaka ya mvua nzuri Lazaro alikuwa akimwita Aloyce. Mvua ingenyesha, tungekuja? Sijui, na Aloyce naye hajui. Kamati inataka sababu moja, na zangu zimesokotana kama kamba.

Kikao kingine ni wiki ijayo. Lazaro anataka uje unitetee. Nimemwambia ukija watasema umefuata ndugu, na usipokuja watasema huko kunakalika. Kwa vyovyote tunaweza kukosa kiwanja, na hilo linanitisha sana.

Hata hivyo uje, wewe na Lightness. Lazaro amepanga chumba Karatu mjini, tutabanana humo. Rafaeli atawalipia basi akirudi, tumeshakubaliana. Usisubiri msimu mwingine, dada, nakuomba.

Wasalimie shangazi Bibiana na baba mdogo Patrisi. Mungu awafunike njiani.

Mzee Qamara akikuuliza kilichokuleta, mwambie umenifuata mimi. Hilo nalo ni kweli.

Mdogo wako akupendaye na anayekungoja,
Selestina