Chokaa ya sebuleni na Misa iliyoahirishwa

Katoro, Jumanne tarehe 3

Tangu wiki iliyopita napaka sebule chokaa kwa ajili ya Misa ya jumuiya Jumamosi hii. Leo mwenyekiti kanipigia: siku hiyo Padri atabariki nyumba mpya ya Mama Kulwa, ambaye mumewe alipata dhahabu Nyarugusu. "Mama Rehema, wewe ndiye katibu, andika tangazo."

Nikaandika kwenye grupu: "Tumsifu Yesu Kristo. Misa ya Jumamosi tarehe 7 nyumbani kwa Mama Rehema imeahirishwa hadi Jumamosi tarehe 14, saa kumi jioni, hapo hapo. Padri ana dharura." Wasio na simu nikawapitia kwa miguu.

Dharura! Jina la Mama Kulwa sikutaka kuliandika.

Akajibu mwenyewe: "Poleni wapendwa. Ni baraka ya nyumba yangu, karibuni wote." Grupu zima likampongeza. Kisha akanipigia: "Mama Rehema, njoo utuanzishie nyimbo. Bila wewe hatuimbi."

Nimekubali, nitaimba. Lakini roho inaniuma. Wangeanzia kwangu, chokaa yangu ingeonekana nyeupe. Sasa watakuja tarehe 14, wakiwa wameshakanyaga vigae vyake.