Nzuri ya Kwanza

Makere, Kasulu

Mjukuu wangu Elia,

Marahaba. Huku hatujambo. Maharage yamekomaa, na shangazi yako bado anauza ndizi, ingawa biashara imepoa tangu kambi ya wakimbizi ya Mtabila ifungwe.

Umeniuliza kwa nini siku ile kwenye simu nilisema habari ni nzuri, na babu yako alikuwa amekata roho alfajiri. Unasema nilikudanganya.

Nilipokuwa msichana, mama yangu alifariki usiku. Asubuhi jirani yetu akapita na jembe begani, akanisalimu: "Mwakeye." Nikaitikia, "Twakeye." Habari za nyumbani? Nzuri. Za wadogo zako? Nzuri. Za shamba? Nzuri. Hakuna iliyokuwa kweli, wala yeye hakuwa akitafuta habari. Alikuwa akikaa nami kwa maneno tu. Alipomaliza hakuondoka. Ndipo sauti yangu ikapata pa kupita, nikasema, "Ila mama hatunaye." Akaweka jembe chini, akaingia ndani kumwosha.

Wewe uliniuliza, "Habari, bibi?" Nikasema nzuri, nikangoja uniulize za babu. Ukasema, "Poa, niko kazini, tutaongea," ukakata. Salio sikuwa nalo. Nilibaki na simu sikioni na ile "ila" yangu mdomoni, mpaka wakaja kuniuliza kaburi lichimbwe wapi.

Ukipiga tena, niulize za babu. Nitakujibu nzuri. Usikate.

Bibi yako