Bati la Bibi Semeni kwenye tovuti

Jumamosi usiku, Makambako

Halafu picha ikitolewa kwenye tovuti inaendaga wapi? Nimesahau kumuuliza Neema.

Hotuba ya kuzindua tovuti ya kikundi chetu cha kuwaezekea wazee walinipa mimi, eti kwa sababu ya huu mdomo. Nikawashukuru wanaojitolea, wale waliobeba mabati mpaka Kifanya, na akina mama waliowapikia. Vigelegele! Nikawageukia wafadhili: "Karibuni ndani, msiishie mlangoni. Fungueni simu, bonyezeni Kazi Zetu, mjionee wenyewe."

Wakabonyeza. Mzee mmoja mfadhili, katoka Njombe, akauliza kwa huruma, "Jamani, huyu bibi bado anavujiwa?"

Kumbe picha ni ya kabla hatujamwezekea! Na Bibi Semeni mwenyewe kakaa mbele pale, na kitenge chake kipya. Akainuka.

"Wanangu, mnanitangaza dunia nzima na paa bovu? Bati langu linang'aa mpaka kunguru wanaliogopa!"

Nikaikunja hotuba. Mimi! Aibu ikanishika kweli, maana hakuna aliyemuuliza kuhusu picha.

"Tusamehe, bibi. Tuweke ipi?"

"Ya bati."

Katibu wetu Neema akaingia kwa neno lake la siri, akatoa ile, akapandisha mpya kutoka kwenye simu yake. Nikawaambia watu wafungue tena. Bibi yule pale, anacheka mlangoni kwake, bati juu.

"Haya," akasema, akakaa. "Sasa endelea na hotuba."

Nimeifungua tena sasa hivi kitandani. Nimejikuta nagonga kioo cha simu, nisikie kama bati litalia.