Mluzi wa Noti Nne

Lubumbashi, 4 Aprili 2024

Tata,

Nakusalimu kwa furaha. Mgongo unaendeleaje, na trombone bado inakutii? Mimi ni mzima, ila kwenye chumba hiki umeme unakuja kama mgeni asiyependa kukaa.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu najua hupendi kuzungumza kwa simu mbele ya majirani. Dereva wa bisi atakuletea mpaka mlangoni.

Habari ni hii. Lukusa, yule mtengenezaji wa filamu aliyekuja Kapata na kamera, amenipa kazi ya kutunga muziki wa filamu yake. Ni filamu ya mambo ya kweli, juu ya vijana wachimbaji. Alianza kupiga picha miezi miwili kabla ya shimo kuanguka, akaendelea baadaye, kwa hiyo Merdi wa Mama Adolphine yumo humo, mzima, anacheka. Mwalimu wangu amekubali niandike insha yangu ya kumaliza masomo juu ya kazi hiyo hiyo: namna muziki unavyobeba hadithi ya filamu.

Nikueleze, maana wewe ndiye uliyenifundisha kusoma noti. Kwenye filamu unachagua kipande kifupi cha wimbo, noti chache tu, unakifunga kwa mtu au kwa jambo. Mara ya kwanza unakipiga pamoja na sura yake, waziwazi. Ukikirudia mara mbili tatu, sikio linakishika. Baadaye unaweza kukipiga mahali ambapo yule mtu hayupo, na watazamaji wote watamfikiria bila neno kusemwa. Mama Adolphine anachambua majani ya sombe, selo inapiga zile noti polepole, na unajua anamuwaza mtoto wake.

Vijana nimewapa noti ambazo nilizisikia utoto wangu wote. Ulipokuwa ukitoka kazini ulikuwa ukigonga mlango mara tatu, halafu unapiga mluzi: sol, do, mi, re. Kwangu ilikuwa na maana moja, tata amerudi, hakuna baya. Inaishia kwenye re, na sikio linabaki likingoja do ya kufunga. Nimeipenda sana kwa ajili hiyo.

Tarehe 1 Juni filamu itaonyeshwa kwanza kwenu, katika sale, ule ukumbi wa parokia. Familia za wale wanne waliokufa zimealikwa zote. Utakaa mbele, tata, utanisikia.

Mutoto wako,
Mianda


Kapata, 15 Aprili 2024

Mama Mianda, wewe uliyebeba jina la mama yangu,

Salamu zimefika. Mgongo uko vile vile. Mvua zimepungua, muhindi umekomaa.

Nafurahi kwa kazi uliyopata. Lakini nakuomba jambo moja tu: toa huo mluzi. Tunga kitu kingine, unajua kutunga. Usiniulize sababu.

Tata yako,
Zéphirin


Lubumbashi, 21 Aprili 2024

Tata,

Naomba barua hii ikukute na afya. Mimi siko vizuri, na ni wewe uliyenikasirisha, kwa hiyo nakuambia.

Unasema toa, kana kwamba ni chumvi ya kuacha kwenye mboga. Zile noti ziko mahali kumi na moja katika filamu. Vijana wanapoteremka mara ya kwanza, zinapigwa na filimbi na gitaa, haraka, juu, kwenye mwanga. Wanapogawana mkate, klarineti mbili zinapokezana. Siku ya ajali nimezipa klarineti ya besi, mwendo umepungua nusu, mi imeshushwa ikawa mi bemoli, na chini yake kontrabasi inashika noti moja bila kupumua. Fidla zinatetemesha upinde karibu na daraja la nyuzi, sauti inakuwa kavu, kama kitu kinachokwaruza. Ukitoa ile mi, noti ni zile zile. Wimbo uliochekesha ndio unaotisha, na ndiyo maana unaumiza.

Usidhani nikibadilisha chombo watu hawataitambua. Chombo ni nguo tu. Ukiacha mruko wa noti na mapigo yake kama yalivyo, sikio linamtambua mwenyewe hata ndani ya nguo mpya. Mbinu nzima inasimama juu ya hilo, na insha yangu pia.

Wapigaji wanane wamesharekodi. Lukusa anapenda. Nipe sababu, tata, au uniachie.

Mianda


Lubumbashi, 10 Mei 2024

Tata,

Shikamoo. Wiki tatu nimengoja. Dereva anasema alikuona barazani, mzima, na ukamwambia huna barua.

Unisamehe kama nakosea. Jumanne nilikaa na Lukusa kwenye chumba cha kukatia filamu. Tulikuwa tukitafuta mahali ambapo muziki uingie na mahali ambapo unyamaze. Akafungua picha ambazo hajazitumia, na sauti yake ya asili. Vijana wamesimama ndani ya shimo, kwenye ngazi ya kwanza, wanangoja. Kunasikika mtu chini yao anagonga miti, mara tatu. Halafu mluzi: sol, do, mi, re. Merdi anajibu kwa noti moja, do. Wanacheka, wanateremka.

Ile do niliyokuwa nikiingoja tangu utotoni, tata. Wao ndio waliokuwa nayo.

Ule mluzi haukuwa wa nyumbani. Ulikuwa wa kazi, uliuleta nyumbani tu. Wewe ndiye uliyekuwa ukikagua miti inayoshikilia udongo, na mluzi wako ulisema shimo ni salama. Mechack, yule aliyepona, anasema kwenye filamu: "Siku ile mi nilisikia mluzi, tukashuka, kama siku zote." Lukusa hajaunganisha mambo hayo mawili. Mimi nimeunganisha.

Kila mtu Kapata anasema mvua ndiyo iliyoangusha shimo. Nami nimechukua alama yako nikaiweka mara kumi na moja mbele ya wachimbaji wote wanaoifahamu.

Tata, siku ile uligonga?

Mianda


Kapata, 16 Mei 2024

Mama,

Leo sina habari ya mgongo.

Sikugonga.

Unajua namna ya kazi ile. Mtu anashuka peke yake, anagonga kila mti mara tatu kwa nyundo. Mti mzima unalia wazi, mti uliochoka unalia kwa ndani. Akimaliza kote ndipo anapiga mluzi, na kijana wa mbele anajibu. Bila mluzi hakuna anayeshuka. Ndivyo nilivyofundishwa enzi za kampuni ya migodi, na ndivyo nilivyowafundisha hawa vijana wakati hakuna aliyewafundisha kitu.

Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili. Ijumaa ile asubuhi fanfari, bendi yetu ya parokia, ilikuwa ikifanya mazoezi ya misa ya upadrisho, nami nilikuwa nimeshachelewa. Nilikuwa nimevaa shati jeupe, trombone begani. Merdi akaniita kutoka mdomoni mwa shimo: "Tata Zéphirin, tushuke?" Niliona tope kwenye ngazi. Nikafikiri, jana miti ilikuwa mizuri. Nikasimama pale juu na shati langu, nikapiga mluzi. Akanijibu.

Tulikuwa kwenye ukurasa wa pili wa mazoezi watu walipokuja wakikimbia.

Mechack anafikiri niligonga kabla hajafika. Mama Adolphine ananiletea sahani ya bukari kila Jumapili kwa sababu nilimbeba mtoto wake kutoka kwenye udongo. Naila. Mwaka mzima na zaidi naila.

Sasa unajua kwa nini nilikuomba.

Tata yako


Lubumbashi, 20 Mei 2024

Tata,

Sijui nikusalimu vipi leo. Nimelia, nimekuchukia siku moja nzima, na bado ni wewe tata yangu.

Nimefanya kitu. Nimezigeuza zile noti: mahali zinapopanda nimezishusha, zinaposhuka nimezipandisha, na mapigo nimeyavunja pia. Nimewaita wapigaji tena, wamerekodi upya sehemu zote kumi na moja. Hakuna mchimbaji atakayeitambua. Nimemwambia Lukusa kwamba ni kwa ajili ya uzuri, ameniamini. Na ni nzuri kweli, tata. Hilo ndilo linalonitia aibu. Nilikuwa nimeandika kwenye insha kwamba muziki unamwambia mtazamaji kile ambacho picha imenyamazia. Sikuandika kwamba mtunzi anaweza pia kukifukia, na fidla zikasaidia.

Niko na filamu mbili mezani. Katika moja, wewe uko salama. Katika nyingine, mluzi wako upo tangu mwanzo mpaka mwisho, na vijana watajiuliza maswali. Wana hasira, wengine wamewazika ndugu zao. Naogopa watakupiga. Naogopa zaidi ya hapo.

Tarehe 27 tunaunganisha sauti zote, baada ya hapo hakuna kubadili. Chagua wewe. Mimi sitachagua kwa niaba yako, wala kwa niaba ya Mama Adolphine.

Mutoto wako,
Mianda


Kapata, 24 Mei 2024

Mama Mianda,

Acha mluzi wangu.

Ila unaniambia uko mahali kumi na moja. Ule wa mwisho kabisa uko wapi? Kama uko kwenye sura ya Merdi, uondoe. Usiweke kitu hapo, hata kontrabasi. Watu watakuwa wameuzoea, watautegea sikio. Niachie nafasi hiyo.

Na usije. Nikikuona nitatafuta mkono wako.

Tata


Kapata, 3 Juni 2024

Mama,

Niko mzima. Naanza na hilo kwa sababu najua unangoja.

Sale ilijaa mpaka madirishani. Filimbi ilipoanza, wale vijana wa nyuma walicheka, wakapiga mluzi pamoja nayo, na mmoja akajibu do. Mama Adolphine alikuwa kwenye kiti cha pembeni yangu. Akanigusa: "Tata Zéphirin, ile banaimba ni nini?" Kijana wa nyuma akamjibu kabla yangu: "Mama, ni mluzi ya tata. Inasema shimo iko muzuri, batu bashuke."

Akafurahi. Alifikiri ulifanya hivyo kuniheshimu.

Halafu ikaja siku ya ajali. Ile klarineti ya besi, mama. Nimepiga trombone miaka arobaini na sikujua noti zangu zinaweza kuwa na uzito ule. Nyuma mluzi ukakoma. Nilisikia Mechack akisema kwa sauti ndogo, "Lakini siku ile mi sikusikia nyundo." Mama Adolphine akaondoa mkono wake kwenye kiti changu.

Ikaja sura ya Merdi, anacheka, kubwa ukuta mzima. Watu wote walikuwa wakingoja mluzi. Niliwasikia wakiungoja. Haukuja. Ulifanya kama nilivyokuomba, hata pumzi hukuweka.

Nilisimama. Nikagonga mbao ya kiti changu mara tatu kwa ngumi. Nikasema: "Ile siku sikugonga. Nilipiga mluzi bila kushuka. Nilikuwa na haraka ya fanfari. Mvua haina kosa."

Vijana wawili wakaruka viti kunijia. Mama Adolphine akanyoosha mkono, hakunitazama, akawaambia: "Bamuache. Mi bado namusikiliza." Kisha akaniambia: "Rudilia. Na majina yao."

Nikarudia, na majina yote manne. La Merdi nililiweka mwisho. Alisikiliza mpaka mwisho, akachukua kitenge chake, akatoka.

Asubuhi hii nimekwenda kwa polisi na Mechack, nikasema tena, wakaandika. Wameniambia nirudi Alhamisi, nami nitarudi. Trombone nimeipeleka parokiani, waipe mwingine.

Jana ilikuwa Jumapili. Niliweka sahani mezani saa ile ile, kwa mazoea. Hakuna aliyegonga mlango kuleta bukari. Niliketi mbele ya ile sahani mpaka jioni, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile njaa niliyosikia ilikuwa halali yangu.

Maliza insha yako. Andika pale mahali pa kumi na moja ni nani aliyegonga.

Tata yako,
Zéphirin