Sherehe ya vyoo na mkwe wangu Hope

Kandida, unajua Hope, mke wa Hans wangu, katufanyia nini leo mbele ya kijiji kizima?

Bwana afya anatupongeza: miaka ya elimu, sasa kila kaya ina choo chenye mlango, sakafu inayosafishika, kibuyu chirizi cha kunawia mikono na sabuni. Hakuna anayejisaidia porini. Mume wangu, kama mwenyekiti, akapokea bendera ya kijiji safi.

Hope akasimama. "Mimi bado naenda migombani."

Migombani! Mkwe wa mwenyekiti!

Mzee wangu akafoka, "Kaa chini, huna adabu!"

"Adabu ndiyo inanipeleka huko, baba. Mkwe anaingiaje choo cha baba mkwe wake?"

Bwana afya akamnyang'anya mzee bendera yake.

Mzee akanigeukia. "Mnyamazishe!"

Nikatoa nilichokimeza tangu harusi yao: "Baba Hans, mchimbie choo chake."